Jina la Faili Lililogeuka Maelekezo ya Njia

Mwezi ule salio la ujumbe mfupi liliisha tarehe 9. Kwa kawaida salio ambalo Mama Mhazini alilinunua mwanzoni mwa mwezi lilitosha hadi mwisho wake na kubaki kidogo, kwa sababu chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tanga kilikuwa na wanachama 380 tu, na kila mmoja alitumiwa ujumbe mmoja wa kumjulisha kwamba taarifa yake ya akiba iko tayari, pamoja na mwingine wa kumkumbusha marejesho ikiwa alikuwa amekopa. Alinipigia simu asubuhi, nikamwamkia, na kabla hajamaliza kuniitikia akauliza, "Mwanangu, hizi meseji tumewatumia kina nani?"

Nilifungua ripoti ya huduma ya ujumbe na kukuta maelfu ya jumbe zilizokwenda kwa namba tusizozijua, nyingi zikiwa za nje ya nchi. Nilifikiri kwamba mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini alikuwa ameondoka na ufunguo wa huduma ile, basi nikabadilisha ufunguo, nikauandika mpya kwenye faili la mipangilio, na kumwomba mama anunue salio jingine. Yote hayo nilimaliza ndani ya nusu saa na kwenda zangu kunywa chai. Siku 2 baadaye salio lilikuwa limeisha tena. Hapo ndipo nilipotambua kwamba aliyekuwa akitutumia vibaya hakuwa ameshika ufunguo ulioibwa zamani. Alikuwa na njia ya kuja kuuchukua kila ninapouweka mpya, na kosa la kumfungulia njia hiyo lilikuwa la kwangu, kwa kuwa mfumo ule niliuandika mimi peke yangu.

Mfumo wenyewe ulikuwa mdogo. Mwanachama alipokea ujumbe wenye kiungo, akakibonyeza kwenye simu, na taarifa yake ikashuka ikiwa PDF. Sikumtaka aingie kwa nenosiri, kwa sababu wanachama wengi ni wavuvi na wachuuzi wa samaki ambao hawana muda wa kukumbuka manenosiri, na simu moja mara nyingi hutumiwa na nyumba nzima. Kiungo kiliishia na `pakua.php?faili=0412-2022-03.pdf`, yaani mwanachama namba 412, mwezi Machi 2022, na msimbo uliokuwa ukikipokea ni huu:

```php
require 'mipangilio.php';
$faili = $_GET['faili'];
header('Content-Type: application/pdf');
readfile('/var/www/chama/taarifa/' . $faili);
```

Nilipouandika niliamini kwamba mstari wa mwisho unasema, "Toa faili lenye jina hili lililomo ndani ya folda ya taarifa." Hausemi hivyo. Unachosema ni, "Anzia kwenye folda ya taarifa, kisha fuata maelekezo haya," na maelekezo yenyewe yanatoka kwa mtu usiyemjua. Ofisi yetu iko Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, na mgeni akikuuliza duka lilipo unaweza kumwambia asimame Barabara ya 12, arudi nyuma barabara mbili, kisha atazame kushoto. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba kwa kuwa maelekezo yameanzia Barabara ya 12, basi duka nalo liko Barabara ya 12. Kwenye njia za faili, nukta mbili zilizofuatwa na mkwaju, `../`, ndizo "rudi nyuma folda moja." Mtu akiandika `../mipangilio.php` mahali pa jina la faili, seva inaanzia `/var/www/chama/taarifa/`, inarudi nyuma hatua moja hadi `/var/www/chama/`, na kuchukua faili la mipangilio lililokaa hapo. Akirudi nyuma mara 4 anafika kwenye mzizi wa mashine yote, na akirudi mara 10 anabaki palepale kwenye mzizi, kwa kuwa nyuma yake hakuna kitu. Ndiyo maana wanaojaribu huweka nukta nyingi bila kujali kuhesabu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba faili la PHP lilitoka likiwa maandishi. Nilizoea kwamba ukiomba `mipangilio.php` kwa anwani yake ya kawaida, seva huliendesha na kukuonyesha ukurasa mtupu, na kwa sababu hiyo nililiona faili lile kuwa mahali salama pa kuweka siri. Lakini `readfile` haiendeshi chochote. Inasoma baiti zilizomo na kuzitoa kama zilivyo. Nilipojaribu mwenyewe kwenye simu yangu, simu ilishusha faili, ikasema PDF hii imeharibika na haifunguki. Nikalihamishia kwenye kompyuta na kulifungua kwa kihariri cha maandishi. Mstari wa kwanza ulikuwa `<?php`, na chini yake nenosiri la hifadhidata, na chini ya nenosiri ule ufunguo mpya wa huduma ya ujumbe, herufi kwa herufi kama nilivyoubandika siku 2 kabla.

Nikageukia kumbukumbu za seva ili nijue kilichopita. Tulitumia nginx, programu ya seva ambayo huandika kila ombi pamoja na hali ya jibu na idadi ya baiti zilizotumwa. Nikichuja maombi yote ya `pakua.php` yenye nukta mbili, nilipata haya kutoka anwani moja, yakifuatana ndani ya dakika 4:

```
"GET /pakua.php?faili=../../../../etc/passwd HTTP/1.1" 200 1886
"GET /pakua.php?faili=../pakua.php HTTP/1.1" 200 490
"GET /pakua.php?faili=../config.php HTTP/1.1" 200 5
"GET /pakua.php?faili=../mipangilio.php HTTP/1.1" 200 623
```

Mistari hii minne inafaa kusomwa polepole, kwa sababu inaonyesha mtu anavyofikiri. Wa kwanza ni wa kupima kama mlango uko wazi: faili la `/etc/passwd` lipo kwenye kila mashine ya Linux na kila mtumiaji anaruhusiwa kulisoma, na ingawa siku hizi halina manenosiri, kuonekana kwake kunathibitisha kwamba msimbo unafuata nukta. Wa pili ndio uliokuwa wa akili. Mgeni huyu alimtaka `pakua.php` ajisome mwenyewe, akaupata msimbo wangu, na kwenye mstari wa kwanza wa msimbo huo nilikuwa nimemwandikia jina la faili la siri kwa Kiswahili kizuri. Mstari wa tatu sina hakika aliutuma kwa sababu gani, pengine alikuwa na programu inayojaribu majina ya kawaida huku yeye akisoma; wa nne ndio uliomaliza kazi.

Hali ya jibu ni 200 kwenye mistari yote, hata pale faili halikuwapo. `readfile` ikikosa faili hutoa onyo tu, na kwa kuwa nilikuwa nimezuia maonyo yasionekane kwa watumiaji, jibu lilitoka tupu lakini likiwa na hali ya mafanikio. Kwa hiyo namba ya kutazama ni ile ya mwisho. Hapo nilikwama kwa muda, kwa sababu faili langu la mipangilio lina baiti 611 na kumbukumbu ilisema 623, na jibu tupu lilisema 5 badala ya sifuri. Nilipotulia nikakumbuka kwamba PHP haikutaja urefu wa jibu, na katika HTTP 1.1 jibu lisilotajwa urefu hutumwa kwa vipande, kila kipande kikitanguliwa na ukubwa wake, na mwisho kukiwa na kipande cha sifuri chenye baiti 5. Kwa faili la ukubwa huu nyongeza yote ni baiti 12. Toa 12 kwenye 623 unabaki na 611, faili zima. Kutoka hapo niliweza kuutazama kila mstari na kusema bila kubahatisha kama mtu alitoka na kitu au alitoka mikono mitupu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nginx yenyewe haikumzuia, ilhali inajulikana kwamba husafisha nukta mbili kwenye anwani. Ni kweli husafisha, lakini sehemu ya anwani iliyo kabla ya alama ya kuuliza tu. Kilicho baada ya alama hiyo ni mambo baina ya mtumaji na programu, na seva haina namna ya kujua kwamba thamani ya `faili` itageuzwa kuwa njia.

Nilifunga ukurasa wa kupakua kwa muda na kuanza kutengeneza. Wakati huo nilikuwa na kijana aliyekuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo, mpole na mwenye maswali mengi, nikamwambia kazi yake wiki ile ni kuvunja kila nitakachokitengeneza. Marekebisho yangu ya kwanza yalikuwa yale ambayo nadhani wengi huanza nayo, yaani kufuta nukta zenyewe kwa `str_replace('../', '', $faili)`. Hakuchukua muda mrefu. Aliandika `....//mipangilio.php`, na alipobonyeza, faili likashuka. Tazama kinachotokea: katika `....//` kuna `../` moja katikati, ukiitoa, nukta mbili za mwanzo na mkwaju wa mwisho vinakutana na kuwa `../` mpya, na kwa kuwa `str_replace` hupita mara moja tu, haimrudii huyu aliyezaliwa kutokana na usafi wenyewe. Ningeweza kuirudia mpaka kusibaki kitu, lakini nilikwisha kuona kwamba nilikuwa nafukuza maumbo ya maandishi badala ya kuuliza swali lenyewe, ambalo ni njia hii inaishia wapi. Wazo langu jingine la kukubali majina yanayoishia `.pdf` peke yake lilianguka haraka vilevile, kwani lilizuia mipangilio lakini likaacha wazi kila PDF nyingine iliyokuwa kwenye seva.

Sijioni nilikuwa mjinga kupita wengine katika hili. Mwezi Oktoba 2021 waandishi wa seva ya Apache walitoa toleo 2.4.50 kuziba mwanya wa aina hiihii uliokuwa kwenye 2.4.49, ambapo nukta zilizofichwa kwa msimbo wa asilimia, yaani `%2e` mahali pa nukta, zilipita, na siku chache tu baadaye wakalazimika kutoa 2.4.51, kwa sababu nukta zilizofichwa mara mbili zilikuwa bado zinapita.

Jaribio langu la tatu lilikuwa karibu na ukweli. PHP ina kitendo kinachoitwa `realpath`, ambacho hufuata njia mpaka mwisho, kikatatua nukta zote na viungo vya mkato, na kurudisha mahali halisi faili lilipo, au `false` ikiwa faili halipo. Nikaandika hivi:

```php
$mzizi  = '/var/www/chama/taarifa';
$halisi = realpath($mzizi . '/' . $_GET['faili']);
if (strpos($halisi, $mzizi) !== 0) {
    http_response_code(404);
    exit;
}
```

Maana yake ni kwamba kwanza tunafika, ndipo tunauliza tuko wapi. Ikiwa mahali tulipofika hapaanzi na folda ya taarifa, tunakataa. Kijana alijaribu nukta, alijaribu asilimia, alijaribu asilimia ya asilimia, vyote vikagonga 404. Nikaridhika. Kesho yake asubuhi alikuja na kikombe cha kahawa mkononi, akaniambia, "Dada, Barabara ya 1 na Barabara ya 12 zinaanza sawa."

Sikumwelewa. Akanionyesha skrini. Kando ya folda ya `taarifa` nilikuwa na folda nyingine niliyoiita `taarifa-zamani`, ambamo nilihifadhi fomu za mikopo zilizoskaniwa kutoka kwenye makabrasha ya zamani, zenye picha za watu, sahihi na namba za vitambulisho. Alikuwa ameomba `../taarifa-zamani/` na jina la fomu moja. `realpath` ilifanya kazi yake vizuri na kurudisha njia inayoanza na `/var/www/chama/taarifa-zamani/`, na njia hiyo, ukiilinganisha herufi kwa herufi, kweli inaanza na `/var/www/chama/taarifa`. Mlinzi wangu alikuwa akitazama mwanzo wa jina bila kujali jina linaishia wapi. Dawa yake ni herufi moja, mkwaju mwishoni mwa kile unacholinganisha nacho, `$mzizi . '/'`. Herufi hiyo nimekuja kuiona ikikosekana kwenye misimbo ya watu wazoefu kuniliko, na kosa lake halionekani kabisa mpaka siku ile mtu atakapounda folda ya jirani yenye jina lililorefushwa.

Yupo atakayesema ningetumia `basename` na kumaliza habari, maana hiyo hutupa njia yote na kubakisha jina la mwisho peke yake. Kwa folda moja isiyo na vijifolda ingetosha kwa upande wa nukta. Mimi nilikuwa nimeanza kupanga taarifa kwa folda za miaka, na `basename` ingekata mwaka pamoja na nukta. Lakini sababu kubwa ya kutoiegemea ni nyingine, nayo niliiona wakati nikisoma kumbukumbu za seva: baadhi ya maombi hayakuwa na nukta hata moja. Yalikuwa `0411-2022-03.pdf`, kisha `0412`, kisha `0413`, yakipanda. Kila moja lilibaki ndani ya folda kwa utii kamili, na kila moja lilitoa taarifa ya akiba ya mtu kwa mtu asiye yeye. Uzio wa folda haumzuii anayetembea ndani ya uzio.

Kwa hiyo mwishowe niliacha kabisa kupokea jina la faili kutoka nje. Taarifa inapotengenezwa, mfumo huunda tokeni ya nasibu, yaani mfuatano wa herufi usioweza kukisiwa, kwa `bin2hex(random_bytes(16))`, ambayo ni herufi 32, na kuiandika kwenye hifadhidata pamoja na njia ya faili na tarehe ya kuisha. Kiungo anachotumiwa mwanachama kina tokeni hiyo tu:

```php
$q = $db->prepare('SELECT njia FROM taarifa
                   WHERE tokeni = ? AND mwisho > NOW()');
$q->execute([$_GET['t'] ?? '']);
$njia = $q->fetchColumn();
```

Mtu akiandika nukta mbili mahali pa tokeni, hifadhidata haioni njia, inaona maandishi yasiyolingana na safu yoyote, na jibu ni 404. Ukaguzi wa `realpath` wenye mkwaju wake niliuacha chini ya hapo, kwa sababu safu ya `njia` nayo huandikwa na programu, na siku moja mtu anaweza kuongeza ukurasa wa kupakia faili bila kukumbuka kwamba jina alilopewa na mtumiaji litakuja kusomwa huku. Taarifa zenyewe nilizihamishia `/srv/chama/`, nje ya folda inayohudumiwa na nginx, maana niligundua kwa aibu kwamba hata bila `pakua.php` mtu angeweza kuandika `/taarifa/0412-2022-03.pdf` moja kwa moja na kupewa. Kuhamisha peke yake kusingezuia nukta, kwani PHP bado ingeweza kufika huko. Kulifunga mlango mwingine uliokuwa wazi kando.

Baada ya kuwa na uhakika kwamba mwanya umezibwa, ndipo nilipobadilisha ufunguo wa ujumbe kwa mara ya pili na nenosiri la hifadhidata pamoja nao. Mpangilio huo nilitakiwa kuufuata tangu mwanzo. Nenosiri la hifadhidata lilikuwa limetoka mara 2, lakini hifadhidata yetu husikiliza maombi ya ndani ya mashine tu, kwa hiyo nje halikuwa na mlango wa kulitumia. Hilo ni jambo lililotusalimisha bila mimi kulipanga kwa nia hiyo.

Mama Mhazini hakutaka kusikia habari za mikwaju. Alitaka orodha ya wanachama ambao taarifa zao zilichukuliwa, na alitaka isomwe mbele ya wanachama, nami niwepo. Nilikaa na kumbukumbu siku nzima, nikilinganisha ukubwa wa kila jibu na ukubwa wa faili lililoombwa, na kutenganisha maombi yaliyotoka kwa wenyewe na yale ya anwani zilizopanda namba kwa namba. Nilipata majina 61. Tulikutana Jumamosi jioni baada ya alasiri, kwenye ukumbi mdogo tulioazima, na mama alisoma majina yote polepole huku mimi nikisimama pembeni yake.

Alipomaliza, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango aliniuliza orodha hiyo inaanzia tarehe ngapi. Nikamweleza kwamba seva yetu ilikuwa na mpangilio iliyokuja nao, wa kuzungusha kumbukumbu kila siku na kubakisha za siku 14, na kwamba orodha inaanzia siku ya kwanza kati ya hizo. Mfumo ulikuwa umefanya kazi miezi 19. Akatikisa kichwa, akaniuliza, "Na kabla ya hizo siku 14, mwanangu?" Nikamjibu kwamba kabla ya hapo sina cha kumwonyesha.